Plagi nyeusi si lazima iwe mbovu: namna ya kuifungua, kuisoma na kuisafisha

Pikipiki inaanza kumisi na kula mafuta kuliko ilivyozoea. Plagi inafunguliwa, inageuzwa huku na huku, nyeusi tii. "Hii imekufa, weka mpya." Mpya inawekwa, chombo kinakwenda vizuri wiki mbili, kisha yanarudi yale yale. Kuna na wale wanaosema kinyume: ukifungua plagi ukaikuta nyeupe pee, basi injini inachoma vizuri na hakuna haja ya kuhangaika. Kauli zote mbili zina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu watu. Plagi nyeusi mara nyingi ni nzima kabisa na kinachoumwa ni injini inayoilisha. Plagi nyeupe nayo inaweza kuwa ishara ya afya, au dalili ya injini inayojichoma yenyewe. Tofauti ipo kwenye mambo madogo ambayo jicho lisiloelekezwa huyapita.

Nitashika zaidi injini ya petroli ya silinda moja yenye kabureta, ile ya pikipiki ndogo, kwa sababu hapo ndipo plagi inaongea waziwazi.

Kwanza tukubaliane majina. Plagi ina gamba la chuma lenye nyuzi za kufungia. Ndani ya gamba kuna kaure nyeupe, na katikati ya kaure hiyo inatokeza ncha ya chuma. Juu ya ncha kuna kipande kilichopinda kutoka kwenye gamba, nitakiita kulabu. Cheche inaruka kwenye nafasi iliyo kati ya ncha na kulabu. Kazi ya kaure ni kuuzuia umeme usikimbilie kwenye gamba kabla haujafika nchani.

Neno la pili ni mchanganyiko. Injini haichomi petroli peke yake, inachoma petroli iliyochanganywa na hewa ndani ya kabureta. Kwa uzito, kila sehemu moja ya petroli inahitaji sehemu 14.7 hivi za hewa ili iungue yote bila kubakiza kitu. Mafuta yakizidi kiasi hicho tunasema mchanganyiko ni mzito, yakipungua tunasema ni mwepesi. Aliyewahi kuwasha kandili anaijua habari hii bila kufundishwa. Ukipandisha utambi kupita kiasi, moto unakuwa mwekundu, unafuka, na chemni inajaa masizi. Utambi haukuharibika wala chemni haikuharibika. Mafuta yamezidi hewa iliyopo, na kaboni isiyoungua imetafuta mahali pa kutua. Ndani ya silinda, mahali hapo ni kaure ya plagi.

Masizi yanapotua hapo yanaleta balaa la pili. Kaboni inapitisha umeme. Koili inatuma volti maelfu kwa maelfu, lakini badala ya kuruka ile nafasi nyembamba, sehemu ya umeme inateleza juu ya masizi na kuishia kwenye gamba. Cheche inadhoofika, mafuta yanaungua nusunusu, masizi yanaongezeka. Plagi ambayo ilikuwa shahidi tu wa tatizo sasa inakuwa sehemu ya tatizo, na ndiyo maana plagi mpya huleta nafuu ya siku chache.

Plagi ina njia yake ya kujisafisha, nayo ni joto. Ncha ya kaure ikipita nyuzi joto 450 hivi za Selsiasi, kaboni inaungua na kuondoka. Ikipita 800 na kuendelea, ncha inakuwa kaa la moto linaloweza kuwasha mafuta kabla cheche haijafika, na hilo linaweza kutoboa pistoni. Plagi iliyochaguliwa vyema inaishi kati ya mipaka hiyo miwili. Chombo kinachozungushwa taratibu kwa safari fupifupi hakifikii mpaka wa chini, kwa hiyo plagi inaweza kuwa nyeusi ingawa kabureta haina kosa lolote. Weka hili akilini kabla hujagusa skrubu yoyote.

Kuifungua

Injini ya silinda hedi ya alumini ifunguliwe plagi ikiwa imepoa, au angalau imefika kiasi cha kuwekewa kiganja bila kuungua. Alumini yenye moto mkali hukubali kuvuliwa nyuzi pamoja na plagi. Vuta kofia ya plagi kwa kushika kofia yenyewe, usivute waya. Halafu, kabla ya spana, puliza au pangusa mchanga wote uliokaa kwenye shimo kuizunguka plagi. Hatua hii inarukwa sana, na mchanga ule ukianguka ndani ya silinda unaikwaruza kila pistoni inapopanda na kushuka.

Tumia spana ya plagi inayokaa sawasawa, isimamishe wima, kwa sababu ukiiinamisha kaure inapasuka. Plagi ikigoma baada ya robo mzunguko, usilazimishe. Tia tone la mafuta ya kulainisha kwenye nyuzi, subiri, ikaze kidogo kisha ilegeze, mbele na nyuma, mpaka ikubali. Ikitoka, usiifute. Watu wengi huipangusa kwenye suruali kwanza ndipo waitazame, na hapo wameshafuta walichokuwa wanakitafuta.

Kuisoma

Ishike kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya njano inadanganya rangi. Tazama sehemu tatu, moja baada ya nyingine: ncha ya kaure, kulabu, na ukingo wa gamba pale nyuzi zinapoishia. Ukingo wa gamba ndio wa baridi zaidi, kwa hiyo masizi kidogo pale ni kawaida na hayana cha kukutisha. Kinachosema zaidi ni kaure.

Kaure ya kijivu hafifu, au ya rangi ya chai ya maziwa, kulabu lina rangi ya kufifia na kingo zake bado kali: injini inachoma vizuri. Weusi mkavu kama vumbi la mkaa, unaobaki kidoleni ukigusa: mchanganyiko mzito, au plagi haipati joto, au cheche ni dhaifu. Weusi wa majimaji unaong'aa na kuteleza: hiyo ni oili, na hapo uache kabureta, maana oili inapita kwenye ringi za pistoni au kwenye sili za valvu. Mtu anaweza kubadilisha jeti, vile vitundu vinavyopima mafuta ndani ya kabureta, mwaka mzima asimalize tatizo hilo. Unyevu unaonuka petroli bila weusi mwingi unamaanisha mafuta yalifika lakini hayakuwaka, ama injini imefurika au cheche haikuwepo.

Sasa weupe. Petroli yenye risasi ilikuwa ikiiachia kaure rangi ya kahawia, na mafundi wa zamani walijifunza kuitafuta kahawia hiyo kama cheti cha afya. Petroli hiyo imekwisha barabarani. Algeria, nchi ya mwisho kuiuza kwa magari, iliacha mwaka 2021. Petroli ya sasa inaacha rangi kidogo sana, kwa hiyo plagi iliyotembea muda mfupi kwenye injini nzima inaweza kuwa karibu nyeupe. Mtu anayeshika kanuni ya zamani atadhani mafuta yamepungua, ataongeza, na kuiharibu injini iliyokuwa sawa.

Weupe wa hatari una alama zake. Kaure inakuwa nyeupe kama chokaa, imekauka, wakati mwingine ina vilengelenge vidogo kama kauri iliyopikwa kupita kiasi. Kulabu linabadilika rangi hadi karibu na mzizi wake, na kingo za ncha zimeviringika kwa kuliwa na joto. Ukiona vidoti vidogo vinavyong'aa juu ya kaure, simamisha chombo hapo hapo, kwa kuwa inaweza kuwa alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikarushwa. Sababu ya joto hilo inaweza kuwa mchanganyiko mwepesi, hewa inayoingia kwenye mpira uliopasuka kati ya kabureta na injini, cheche inayokuja mapema mno, au plagi isiyokazwa. Hiyo ya mwisho huwashangaza wengi. Plagi inapoza kichwa chake kwa kupitisha joto kwenye washa, ile pete ya chuma inayokaa chini ya gamba, na kwenye nyuzi kwenda kwenye silinda hedi. Ikilegea, joto halina pa kwenda.

Kuna alama moja inayowatia watu hasara ya bure, nayo ni mduara wa kahawia kwenye kaure ya nje, pale inapokutana na gamba. Huambiwa kwamba gesi ya silinda inavuja kupitia ndani ya plagi. Kwa kawaida sivyo. Umeme mkali unaopita ndani ya kaure unavuta chembe za oili na vumbi zilizo hewani, zinagandamana pale. Plagi ikifanya kazi vizuri, iache.

Shahidi anakumbuka la mwisho

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Plagi inaonyesha hasa hali ya mwisho injini iliyopitia. Ukitoka safari ndefu, ukafika, ukaiacha injini ikiunguruma kwenye sailensa, yaani bila kuvuta mafuta, huku unaongea na mtu, kisha ukazima na kufungua plagi, umesoma sailensa. Safari haipo tena humo. Na kwenye sailensa joto ni dogo, kwa hiyo masizi hayakosekani.

Kabureta nayo haina njia moja ya mafuta. Mkono wa mafuta ukiwa umefungwa au umefunguliwa chini ya robo, kazi kubwa inafanywa na jeti ndogo. Kuanzia robo hadi robo tatu, mwenye amri ni sindano inayopanda na kushuka ndani ya bomba lake dogo la shaba nyeupe au njano. Ukifungua mwisho, jeti kubwa ndiyo inayopima. Mipaka hiyo huingiliana, lakini inatosha kwa kazi yetu: kuuliza "mchanganyiko ukoje?" bila kusema mkono ulikuwa wapi ni sawa na kuuliza maji ya mto yana kina gani bila kusema umesimama wapi.

Njia ya kupata jibu la kweli ni hii. Pasha injini moto na plagi ya zamani. Weka plagi mpya au safi kabisa, maana rangi ya zamani huchelewa kuondoka. Endesha kwenye barabara isiyo na watu wala magari, mkono ukiwa mahali pamoja tu, injini ikibeba mzigo wa kweli. Kisha, bila kurudisha mkono, bonyeza swichi ya kuzimia na kukamata klachi kwa wakati mmoja, uache chombo kiserereke hadi kisimame. Usizime kwa ufunguo, kwa sababu kwenye pikipiki nyingine unaweza kuufikisha kwenye kufuli la usukani ukiwa bado unatembea. Rangi haitabadilika ukisubiri injini ipoe, kwa hiyo usiwe na haraka ya kujiunguza.

Kisa cha plagi tatu

Jirani yangu ana pikipiki ya cc 125 inayotumia plagi ya D8EA. Alikuja amekata tamaa. Plagi tatu zilikuwa zimebadilishwa ndani ya miezi miwili, na lita moja iliyokuwa ikimpeleka kilomita 45 sasa ilimfikisha 33. Tayari alikuwa ameshauriwa apunguze jeti kubwa.

Tuliifungua ile iliyokuwemo. Masizi makavu, ukingo hadi ncha, hakuna unyevu wa oili. Nafasi kati ya ncha na kulabu ilikuwa milimita 0.9, wakati plagi hiyo hukaa kwenye 0.6 hadi 0.7. Nafasi pana inadai umeme mwingi zaidi, kwa hiyo nayo ilikuwa ikichangia kidogo. Filta ya hewa ilikuwa na vumbi la kawaida tu, tukaisafisha. Kebo ya choki, ile inayozidisha mafuta wakati wa kuwasha, ilikuwa inarudi hadi mwisho.

Tukaweka plagi safi yenye nafasi ya 0.7, akaendesha kwenye mlima mkono ukiwa umefunguliwa wote kwa kilomita moja hivi, akazima kwa swichi. Kaure ilitoka safi, na ndani kabisa, pale kaure inapozama kwenye gamba, kulikuwa na pete nyembamba ya kijivu cheusi. Pete hiyo ndiyo ninayoiamini kuliko rangi ya ncha, kwa kuwa petroli ya sasa huandika pale kwanza. Jeti kubwa haikuwa na kosa. Hata filta ikaondoka kwenye orodha ya washukiwa, maana filta iliyoziba huzidisha mafuta zaidi pale injini inapodai hewa nyingi, yaani mkono ukiwa wazi wote. Kama angepunguza jeti kubwa, angeondoka na pikipiki inayojichoma kwenye mlima na bado ingekula mafuta kwenye tambarare.

Plagi ya pili: mwendo wa pole, mkono chini ya robo, kilomita tatu. Masizi mepesi ukingoni, kaure ya kijivu. Inakubalika. Plagi ya tatu: nusu mkono, mwendo wake wa kila siku, kilomita nne. Ikatoka nyeusi kama chungu cha kuni.

Hapo sindano ikabaki peke yake. Klipu inayoshikilia kimo chake ilikuwa kwenye mfereji wa 3 kati ya 5, mahali inapopaswa kuwa, kwa hiyo hakuna aliyeipandisha. Nililielekeza lile bomba dogo kwenye mwanga nikachungulia tundu lake. Lilikuwa limekuwa la duaradufu, kama yai, na sindano ilikuwa na mstari wa kung'aa upande mmoja. Injini inatetemeka, sindano inasugua bomba miaka na miaka, tundu linapanuka, na mafuta yanapita pembeni ya sindano hata kama imekaa mahali pake. Mkono ukiwa wazi wote sindano imepanda na tundu la jeti kubwa ndilo linalopima, ndiyo maana mlimani hakukuwa na tatizo.

Alibadilisha sindano na bomba kwa pamoja, maana kimoja kipya juu ya kingine kilicholika hakidumu.

Zile tatu nyeusi

Zile plagi tatu za miezi miwili ile hazikutupwa. Plagi ya kawaida yenye masizi makavu husafishika. Ilowekwe kwenye petroli kidogo nje penye hewa, mbali na moto na sigara, kisha isuguliwe taratibu kwa brashi ya shaba laini au mswaki wa zamani, ipulizwe, iachwe ikauke kabisa. Brashi ya waya wa chuma inaacha vumbi la chuma juu ya kaure, na chuma kinapitisha umeme kama masizi. Msasa unaikwaruza kaure, na mikwaruzo hiyo ndiyo masizi yanayofuata yatakaposhika. Msasa mwembamba utumike kwenye ncha na kulabu peke yake. Plagi zenye ncha nyembamba ya iridiamu au platinamu zisisuguliwe kabisa, ncha ile inavunjika.

Kuichoma plagi kwenye jiko hadi iwe nyekundu kunaondoa masizi kweli, lakini joto lisilo sawa linaweza kuipasua kaure kwa ufa usioonekana, hasa ikitumbukizwa majini baadaye. Plagi yenye ufa, vilengelenge, au ncha iliyoviringika haisafishiki. Hiyo itupwe.

Na cheche kuonekana nje hakuthibitishi kwamba plagi ni nzima. Hewa ya kawaida ni rahisi kurukwa. Ndani ya silinda mchanganyiko umeshindiliwa, na umeme unahitaji nguvu kubwa zaidi kuuvuka, kwa hiyo hutafuta njia rahisi juu ya masizi. Ukijaribu, gamba la plagi liguse chuma cha injini vizuri, na liwe mbali na tundu la plagi lililo wazi, kwa sababu mvuke wa petroli unatoka pale.

Katika zile tatu, moja ilikuwa na ufa kwenye kaure. Mbili tulizipima kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, tukagonga kulabu taratibu hadi 0.7, bila kuigusa kaure. Kurudisha, plagi inaanza kwa vidole peke yake hadi ikae. Ikikataa vidole, nyuzi zimepishana, toa uanze upya. Kisha spana. Plagi mpya yenye washa isiyotumika huongezwa nusu mzunguko ili washa ibonyee. Iliyokwisha kutumika, washa imeshabonyea, hivyo ncha ndogo tu ya mzunguko inatosha, kama mshale wa saa unavyotembea kutoka 12 hadi 1 au kuzidi kidogo.

Tuliweka mojawapo ya zile mbili za zamani. Baada ya wiki tatu alirudi, tukaifungua baada ya mwendo wa nusu mkono. Kaure ilikuwa ya kijivu hafifu, ukingo una masizi ya kufutika kwa kidole, na lita moja ilikuwa imerudi kilomita 44. Plagi aliyokuwa ameshaiita maiti ndiyo iliyokuwa inafanya kazi.